GHARAMA YA KILO MOJA: HESABU YA KAIZEN NA KAHAWA YA MIBIRIZI

Mibirizi ni mahali padogo penye jina kubwa katika historia ya kahawa. Pako kusini magharibi mwa Rwanda, katika wilaya ya Rusizi, sehemu ambayo kabla ya mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006 ilikuwa mkoa wa Cyangugu, upande wa kusini wa ziwa Kivu, karibu na mipaka ya Kongo na Burundi. Mapadre Weupe walifungua misioni hapo mwaka 1903, wakati Rwanda ikiwa chini ya Wajerumani, na mwaka uliofuata miche ya kwanza ya kahawa nchini Rwanda ikapandwa katika ardhi ya misioni hiyo. Mpaka leo kuna aina ya mbuni wa arabika iitwayo Mibirizi, na jina hilo limetoka kwenye kilima hicho.

Kwa miaka mingi mkulima wa sehemu hizo alimenya kahawa yake nyumbani, akaiosha kwa maji aliyoyapata, akaianika na kuiuza kwa bei ya kahawa ya kawaida. Kuanzia miaka ya 2000 vituo vya kuoshea kahawa vilijengwa kwa wingi nchini Rwanda. Mkulima sasa hupeleka matunda mabivu kituoni siku ile ile ya kuchuma, naye hulipwa kwa kilo. Kituo hubeba kazi yote iliyobaki, na kwa hiyo hubeba pia gharama yote. Kama kituo ni cha ushirika, ziada inayobaki baada ya mauzo ndiyo humrudia mkulima kama malipo ya pili. Bei ya kahawa duniani haipangwi Mibirizi. Kilichomo mikononi mwa watu wa kituo ni gharama ya kuigeuza kahawa kutoka tunda hadi mbegu kavu, na ndipo inapofaa hesabu ambayo Wajapani huiita hesabu ya kaizen.

HESABU HIYO NI YA NAMNA GANI

Neno kaizen katika Kijapani maana yake ni mabadiliko ya kuelekea kwenye wema, hatua ndogo ndogo zisizokoma. Nchi kadhaa za Afrika zimelipokea. Uhabeshi, kwa mfano, ilianzisha taasisi yake ya kaizen mwaka 2011. Lakini watu wengi wanaposikia neno hilo hufikiria usafi wa karakana na kupanga zana mahali pake. Upande wa hesabu haujulikani sana.

Mtaalamu wa hesabu Yasuhiro Monden, akiandika pamoja na mwenzake John Lee mwaka 1993, alieleza jinsi kampuni ya magari ya Daihatsu ilivyoufanya upande huo. Kila mwaka kampuni ilichukua gharama halisi ya gari moja katika mwaka uliopita, ikaizidisha kwa idadi ya magari yaliyotarajiwa kutengenezwa mwaka unaofuata, kisha ikachukua asilimia fulani ya jumla hiyo kuwa shabaha ya kupunguza. Shabaha hiyo ikagawanywa kwa viwanda, kila kiwanda kikipewa fungu kulingana na gharama ambazo chenyewe kina uwezo wa kuziongoza. Kila mwezi matokeo yalilinganishwa na shabaha, na mwisho wa mwaka gharama iliyofikiwa ikawa ndiyo msingi mpya wa kuanzia.

Tofauti yake na hesabu ya kawaida ya viwandani ni hii: hesabu ya kawaida huweka kiwango cha gharama, na msimamizi husifiwa kwa kutokivuka. Hesabu ya kaizen hukishusha kiwango hicho kila mwaka, na msimamizi aliyebaki pale pale huhesabiwa kuwa hakutimiza shabaha. Tena hesabu hii haihusu kubuni kitu kipya. Huanza pale ambapo kitu kimekwisha anza kutengenezwa, mitambo ipo, watu wapo, na kazi inaendelea.

KUIJUA KILO

Hapana budi kwanza kuchagua kipimo. Kiwanda cha magari huhesabu gari moja. Kituo cha kahawa huhesabu kilo moja ya kahawa iliyomenywa, kuoshwa na kukaushwa, ambayo bado imo ndani ya ganda lake jembamba la ndani. Katika maelezo haya itaitwa kahawa ya ganda. Hiyo ndiyo inayotoka kituoni kwenda kwenye kiwanda cha kukoboa.

Na ichukuliwe hesabu ya kituo kimoja cha mfano. Tarakimu zifuatazo zimepangwa ili zieleweke kwa urahisi. Si za kituo fulani. Mwaka uliopita kituo hicho kilinunua kilo 220,000 za matunda mabivu kwa faranga 500 kila kilo, kikapata kilo 40,000 za kahawa ya ganda. Maana yake kila kilo moja ya kahawa ya ganda ilikula kilo 5.5 za matunda, nayo ilibeba gharama hizi:

Matunda: faranga 2,750
Vibarua wa kuchagua, kuosha na kuanika: faranga 240
Usafiri wa matunda: faranga 110
Mafuta ya mashine na pampu ya maji: faranga 50
Matengenezo na magunia: faranga 50
Mishahara ya kudumu, riba na uchakavu wa mitambo: faranga 300
Jumla kwa kilo: faranga 3,500

Orodha hii yaonyesha jambo ambalo mara nyingi husahauliwa kituoni. Wasimamizi hupenda kubishana juu ya mafuta na vibarua, kwa sababu ndizo fedha zinazotoka mfukoni kila siku. Lakini katika kila faranga 3,500, faranga 2,750 zimo ndani ya matunda yenyewe. Tone la mafuta lililookolewa ni jema, lakini ngoma kubwa iko kwingine.

KUIWEKA SHABAHA

Kituo chatarajia kutoa kilo 44,000 mwaka huu. Kama kingeendelea kama zamani, gharama ingekuwa 3,500 mara 44,000, yaani faranga 154,000,000. Kamati yakubaliana kupunguza asilimia 3, yaani faranga 4,620,000. Kwa kila kilo hiyo ni faranga 105.

Tarakimu ya kushikilia ni ile 105, si ile ya mamilioni. Mvua ikiharibika na kituo kikapata kilo 36,000 tu, shabaha ya mamilioni itakuwa haina maana, bali faranga 105 kwa kilo zitabaki zile zile. Kwa sababu hiyo hesabu ya kaizen huwekwa kwa kipimo kimoja cha mazao.

Yafuata kazi ya kugawa. Kama zingegawanywa kwa uwiano mtupu wa gharama, karibu mzigo wote ungemwangukia mpokeaji wa matunda. Kadhalika haifai kumpa mtu fungu la gharama asiyoiongoza. Riba ya mkopo na uchakavu wa mitambo havipungui kwa bidii ya kibarua yeyote, kwa hiyo havipewi shabaha. Bei ya matunda nayo haimo mikononi mwa kituo: nchini Rwanda bodi inayosimamia mazao ya kuuzwa nje hutangaza bei ya chini kabisa kila msimu, na hakuna anayeruhusiwa kununua chini yake. Kinachoongozwa na kituo ni wingi wa matunda yanayoingia katika kila kilo moja. Matengenezo pia yameachwa bila shabaha kwa makusudi, na sababu yake itaonekana mbele.

Baada ya kukaa na wakuu wa sehemu, mgawanyo wa kituo cha mfano ukawa hivi: matunda faranga 70, vibarua 20, usafiri 10, mafuta 5. Faranga 70 za matunda kwa bei ya 500 ni gramu 140. Ndiyo kusema, kilo moja ya kahawa ya ganda ambayo mwaka jana ilikula kilo 5.5 za matunda, mwaka huu ile kilo 5.36. Mpokeaji wa matunda hawezi kuiona asilimia 3 ya gharama zote, lakini gramu 140 anaweza kuziona na kuzitafuta.

GRAMU 140 ZIMEPOTELEA WAPI

Kwa kahawa ya arabika, kilo 5 hadi 6 za matunda kwa kilo moja ya kahawa ya ganda ni jambo la kawaida. Nafasi iliyo kati ya tarakimu hizo mbili ndiyo shamba la kazi, na matunda hupotelea humo kwa njia nne hasa.

Njia ya kwanza ni mlangoni. Tunda bichi, tunda lililokauka mtini na tunda lililotobolewa na wadudu hulipwa kwa kilo kama tunda zuri, lakini ndani yake mbegu ni nyepesi au hazipo. Dalili yake huonekana matunda yakimwagwa katika beseni la maji: mabovu huelea. Kituo kinachopima kabla ya kuelesha hununua maganda matupu. Kituo kinachoelesha kwanza, mbele ya macho ya mkulima, humrudishia yanayoelea, naye msimu unaofuata huchuma kwa uangalifu zaidi.

Njia ya pili ni mashine ya kumenyea. Nafasi kati ya ngoma na ubao wake ikiwa pana, matunda madogo hupita bila kumenywa na kutupwa pamoja na maganda. Ikiwa nyembamba mno, mbegu huchubuka na kukatika. Ukaguzi wake ni rahisi: kila jioni mtu achukue ndoo moja ya maganda kutoka kwenye lundo, aimwage chini na kuhesabu mbegu zilizomo. Zikiongezeka kutoka jana hadi leo, mashine inataka kurekebishwa kabla ya matunda ya kesho.

Njia ya tatu ni mfereji wa kuoshea. Maji yakienda kwa kasi au wavu wa mwisho ukitoboka, mbegu nzuri huondoka pamoja na zinazoelea. Hizi huokotwa bondeni, na watoto wa jirani huzifahamu kabla ya mhasibu.

Njia ya nne ndiyo inayowashangaza wengi, kwa sababu hakuna kinachoonekana kupotea. Ni kuikausha kahawa kupita kiasi. Kahawa ya ganda hulala juu ya vichanja kwa muda wa majuma mawili hadi matatu, ikishuka kutoka unyevu wa karibu nusu ya uzito wake hadi asilimia 11 au 12. Hapo yafaa iingie ghalani. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 11 zina kilo 89 za kitu kikavu na kilo 11 za maji. Zikiachwa kichanjani siku chache zaidi mpaka unyevu uwe asilimia 9, hazifiki tena kilo 98. Kilo mbili na zaidi zimepaa hewani, na kahawa huuzwa kwa uzito. Kama nusu ya kahawa ya kituo cha mfano ilikaushwa hivyo mwaka jana, kosa hilo pekee lilikula karibu faranga 30 katika kila kilo iliyotoka.

Dawa yake ni kipimo cha unyevu kinachotumiwa kila siku kwa kila kichanja kinachokaribia kuwa tayari, badala ya kuuma mbegu kwa jino na kubahatisha. Hata hivyo upande wa pili una hatari kubwa zaidi. Anayeingiza kahawa ghalani ikiwa na asilimia 13 au 14 ili avune uzito atavuna ukungu. Shabaha ni asilimia 11, wala si maji mengi kadiri iwezekanavyo.

UBAO WA FUNGU, SI UBAO WA JUMA

Kufuatilia shabaha kwa kahawa kuna mtego ambao mtengenezaji wa magari haujui. Gari linaloanza asubuhi hutoka kiwandani baada ya muda mfupi. Matunda yaliyopokelewa leo hayawi kahawa kavu mpaka baada ya majuma mawili au matatu. Msimamizi akigawanya matunda ya juma hili kwa kahawa kavu ya juma hili, mwanzoni mwa msimu ataona hasara ya kutisha, kwa maana matunda yanaingia na hakuna kilichokauka. Mwishoni mwa msimu ataona miujiza, kwa kuwa kahawa yakauka na matunda yamekwisha. Tarakimu zote mbili ni za uongo, na vibarua watakuwa wamelaumiwa na kusifiwa bila sababu.

Kwa hiyo ufuatiliaji hufanywa kwa fungu. Matunda ya siku moja hupewa namba yao, na kadi moja huyafuata kutoka mizanini hadi ghalani: tarehe ya kupokelewa, kilo zilizopimwa, kilo zilizoelea, namba za vichanja, tarehe ya kutolewa, unyevu siku hiyo, na kilo za kahawa kavu. Fungu linapofika ghalani ndipo uwiano wake huandikwa ubaoni, mahali ambapo kila mtu hupita: kilo 5.41, kilo 5.38, kilo 5.60. Fungu la 5.60 halihukumiwi kwa hasira. Kadi yake hufuatwa nyuma, na mara nyingi siku yenyewe hujitaja: siku mashine ilipochelewa, siku msaidizi mpya alipokaa mizanini, siku kichanja kilipofunikwa vibaya na mvua ikanyesha.

Jambo moja zaidi lafaa kuzingatiwa. Matunda ya mwanzo na ya mwisho wa msimu huwa mepesi kuliko yale ya katikati. Fungu la juma la kwanza lisilinganishwe na fungu la kilele, bali na fungu la juma lile lile la mwaka jana. La sivyo kila msimu utaanza kwa lawama na kukatikati kuwa na sifa ambazo hakuna aliyezifanyia kazi.

MWISHO WA MSIMU: GHARAMA IMEPANDA, KAZI IMESHINDA

Msimu wa kituo cha mfano ukamalizika vibaya kwa mambo mawili. Mazao yalikuwa haba: kilo 36,000 tu za kahawa ya ganda badala ya 44,000. Na bei ya matunda ilipanda kutoka faranga 500 hadi 600. Mhasibu akasoma hesabu mbele ya mkutano, na kilo moja ambayo mwaka jana iligharimu faranga 3,500 sasa imegharimu faranga 3,962. Imepanda kwa faranga 462. Mkutano usiojua hesabu ya kaizen ungeishia hapo, na huenda msimamizi angeondolewa.

Lakini ongezeko hilo yapasa lifunguliwe kama mzigo na kupangwa sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni bei. Kila kilo ya kahawa ya ganda ilikula kilo 5.35 za matunda, na kila kilo ya matunda iliongezeka faranga 100. Hizo ni faranga 535, nazo zimekwenda kwa mkulima. Hakuna wa kulaumiwa.

Sehemu ya pili ni wingi wa mazao. Gharama za kudumu za faranga 12,000,000 mwaka jana ziligawanywa kwa kilo 40,000, zikawa 300 kwa kilo. Mwaka huu zimegawanywa kwa kilo 36,000, zikawa karibu 333. Hilo ni ongezeko la 33 lililoletwa na uchache wa kahawa.

Sehemu ya tatu ndiyo kazi ya watu wa kituo. Matunda yameshuka kutoka kilo 5.5 hadi 5.35, na kwa bei ya zamani ya 500 hiyo ni akiba ya faranga 75 dhidi ya shabaha ya 70. Vibarua wameshuka kutoka 240 hadi 222, akiba ya 18 dhidi ya 20. Usafiri umetoka 110 hadi 101, akiba ya 9 dhidi ya 10. Mafuta yametoka 50 hadi 46, akiba ya 4 dhidi ya 5. Jumla ni faranga 106, na shabaha ilikuwa 105.

Sasa mzigo wote unajieleza: 535 na 33 zimepandisha, 106 zimeshusha, zinabaki 462. Kituo kimetimiza shabaha yake katika mwaka ambao gharama imepanda. Na mwaka mwingine mambo yanaweza kuwa kinyume: mazao yakiwa mengi na bei ikashuka, gharama ya kilo itapungua yenyewe huku matunda yakizidi kumwagika mferejini, na kila mtu atajipongeza kwa kazi ambayo hakuifanya. Kuipima akiba kwa bei ya zamani, na kuziweka kando gharama za kudumu, ndiko kunakozuia makosa yote mawili.

Faranga 106 mara kilo 36,000 ni faranga 3,816,000. Zikigawanywa kwa kilo 192,600 za matunda yaliyonunuliwa, ni karibu faranga 20 kwa kila kilo. Mkulima aliyeleta kilo 1,000 ana karibu faranga 20,000 ambazo bila kazi hiyo zingeoza katika lundo la maganda. Kama fedha hizo zitamfikia katika malipo ya pili ni uamuzi wa ushirika, lakini sasa zina namba na mahali pa kuulizwa.

AKIBA ISIYO AKIBA

Shabaha ya kila mwaka ina ubaya wake: huwatia watu kishawishi cha kuitimiza kwa njia ya mkato. Katika kahawa njia hizo ni tatu, na kila moja ina dalili yake.

Ya kwanza ni kupunguza wachaguaji, ambao wengi wao ni wanawake wanaokaa vichanjani kutwa wakitoa mbegu mbovu kwa vidole. Kahawa ya Rwanda na Burundi ina adui wa pekee, kasoro ya ladha ya kiazi kibichi, inayohusishwa na mdudu aitwaye antestia anayetoboa tunda. Mbegu moja yenye kasoro hiyo huharibu kikombe kizima. Kuelesha matunda na kuchagua kwa mkono ndizo ngao za kituo. Anayepunguza faranga 20 za wachaguaji aweza kupoteza mamia ya faranga mnunuzi anapoonja. Katika kituo cha mfano zile faranga 18 zilipatikana kwa kusogeza vichanja vya maji karibu na mfereji, ili vibarua wasibebe mabeseni mazito mbali, na kwa kuelesha kabla ya kumenya, hivyo mbegu mbovu zikawa chache vichanjani. Ujira wa siku haukuguswa. Kanuni inayofaa ni hii: akiba ya vibarua haiandikwi ubaoni mpaka matokeo ya uonjaji yawe yamekuja, na yasiwe mabaya kuliko ya mwaka jana.

Ya pili ni mizani. Uwiano wa matunda huonekana mzuri sana kama mizani inamnyima mkulima. Fungu la kilo 1,000 likiandikwa kilo 950, uwiano hushuka bila mashine kuguswa. Dalili yake ni kwamba uwiano umekuwa mzuri kwa ghafla katika kituo kimoja cha kukusanyia na si vingine. Jiwe la kupimia lenye uzito unaojulikana, likiwekwa mizanini kila asubuhi mbele ya wakulima, huumaliza mchezo huo.

Ya tatu ni kuahirisha matengenezo. Hakuna gharama iliyo rahisi kuipunguza kama hiyo, na hakuna inayolipiza kisasi haraka hivyo. Mashine ikisimama katika juma la kilele, matunda yanayopaswa kumenywa siku ile ile hulala, huchachuka ndani ya ngozi yake, na kahawa ya fungu zima hushuka daraja. Ndiyo sababu matengenezo hayakupewa shabaha.

Hesabu hii pia ina mwisho wake. Mwaka unaofuata msingi si tena 5.5 bali 5.35, na gramu zinazotafutwa ni zile zilizojificha zaidi. Tunda lina ngozi, nyama, ute na maji ambayo hakuna ustadi wa kuyageuza mbegu. Uwiano unapokaribia kilo 5, kuendelea kumdai mpokeaji wa matunda gramu nyingine 140 ni kumfundisha kudanganya. Wakati huo shabaha yapasa ihamie kwingine: mashine inayotumia maji machache, au mbolea na upogoaji shambani ili tunda lenyewe lije na mbegu nzito.

KATIKA KOTA NA NYUMBANI

Familia inayoongeza pato kwa kuuza maandazi yaweza kutumia hesabu hiyo hiyo kwa daftari la shule. Kipimo ni andazi moja. Mwenye kukaanga na aandike mwezi mzima lita za mafuta alizotumia na maandazi aliyouza. Kama lita moja ilikaanga maandazi 80, kila andazi lilikula mililita 12 na nusu. Mafuta yaliyotiwa unga kabla ya kupata moto wa kutosha hunyonywa, na andazi hutoka zito lenye kung'aa. Akingoja moto ukolee, akakaanga machache machache ili mafuta yasipoe, lita ile ile yaweza kufikisha maandazi 100, yaani mililita 10 kwa moja.

Shabaha ya mwaka na iandikwe kwa mililita, wala si kwa shilingi au faranga. Bei ya mafuta dukani itapanda na kushuka bila kumwuliza mtu. Zile mililita mbili na nusu ni zake mwenyewe, na zitaonekana daftarini hata katika mwezi ambao mafuta yamepanda bei. Andazi lisipunguzwe ukubwa ili shabaha itimie, kwa maana mnunuzi wa asubuhi anayekwenda zamu ana mizani yake mkononi.